Mlinzi Anapopiga Kengele na Mwizi Hayupo

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Ahsanteni kwa kuja na joto lote hili. Jioni hii nimeombwa niseme juu ya wasiwasi, na nitashika jambo moja tu: inakuwaje mtu mzima, ambaye moyo wake umepimwa ukaonekana mzima, ashikwe ghafla na mwili wake kana kwamba roho inatoka, na akili yake imwambie "hapana kitu", lakini mwili usisikie? Mtu huyo huambiwa amedeka, au imani yake haba, au ana jini. Tuache hukumu kidogo, tutazame kinachotendeka ndani ya fuvu.

Hebu fikirini nyumba ya ghorofa, ina geti. Getini kakaa soja, na mkononi ana kitufe cha kengele. Juu orofani yuko mwenye nyumba. Soja hakuajiriwa kuchunguza. Ameambiwa hivi: ukisikia kishindo, bonyeza. Na amri hiyo ina akili ndani yake, kwa sababu akibonyeza bure mara mia, hasara ni usingizi wa watu, lakini akiacha kubonyeza mara moja tu ile siku mwizi amekuja kweli, hasara ni roho. Kwa hivyo soja mzuri ni yule anayekosea kwa upande wa kelele. Mwenye nyumba naye ana kazi nyingine. Yeye hufungua dirisha, huwasha taa, hutazama, na akiona ni paka amerukia mabati, huita chini: "Zima, ni paka."

Ubongo wetu una watu hawa wawili. Soja huitwa amigdala. Ni neno la Kigiriki, maana yake lozi, na kweli umbo lake lafanana na lozi. Ziko mbili, moja kila upande, zimejificha ndani kwa ndani karibu na usawa wa masikio. Mwenye nyumba ni gamba la mbele la ubongo, lile lililo nyuma ya paji la uso, ambalo hupanga, hupima na hukumbuka kwamba jana ilikuwa hivi hivi na hakukutokea baya.

Habari ya sauti au ya macho ikiingia, kwanza hupitia kituo cha katikati, na hapo hugawanyika njia mbili. Njia ya mkato huenda moja kwa moja kwa soja. Njia ndefu huzunguka kwenye gamba la ubongo, ikachambuliwa, ndipo ikamfikia. Mtafiti Joseph LeDoux wa New York aliifuata njia hiyo ya mkato kwa panya, akakuta sauti humfikia soja kwa takriban milisekunde 12. Ukikata sekunde moja vipande 1,000, ni vipande 12 tu. Habari inayopita huko haina sura kamili, ni kivuli tu: kubwa, ghafla, karibu. Ndiyo maana ukiwa Mwembe Tayari hapa Mombasa na tuktuk ikakupigia honi mgongoni, huwa umeshasogea kando kabla hujajua kuwa ilikuwa tuktuk. Soja alikusogeza. Mwenye nyumba alifika baadaye akaeleza.

Mpaka hapo hakuna ugonjwa. Hiyo ndiyo kazi.

Sasa nataka tumtazame mtu mmoja kwa karibu. Si mtu fulani mnayemjua. Nimemtunga kutokana na mambo ambayo sisi tunaofanya kazi hii tunayaona kila mara, na nitamwita Mwanaisha. Ana miaka 34, anakaa Likoni, anafanya kazi Kisiwani, na kila asubuhi anavuka kwa feri kwa miguu. Usiku mmoja mtoto ana homa, kwa hivyo yeye amelala kwa saa tatu tu. Asubuhi hakula. Pale kabla ya kuingia kivukoni akanywa kahawa tungu vikombe viwili, tena vikali. Feri imejaa, watu wamebanana bega kwa bega, hewa nzito. Ngalawa imepita karibu mno, honi ya feri ikalia.

Moyo ukapiga kwa nguvu. Kwa nini? Soja amebonyeza, na kitufe chake kimeunganishwa na sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo huamsha neva za mwili na vitezi vilivyokaa juu ya figo vimwage adrenalini. Adrenalini inataka ukimbie au upigane. Inaharakisha moyo ili misuli ya miguu ipate damu. Inaondoa damu tumboni, na tumbo likavurugika. Inatoa jasho ili upoe ukikimbia. Inafanya pumzi iwe ya haraka na ya juu juu.

Na hapa kwenye pumzi ndipo mambo huharibika zaidi, kwa hivyo nitakaa kidogo. Mwanaisha anahisi hewa haimtoshi, basi anavuta zaidi. Lakini hajaishiwa hewa. Ukimpima kidoleni wakati huo, oksijeni yake kwa kawaida utaikuta sawa kabisa. Kilichopungua ni kabonidioksidi, anayoitoa kwa wingi kuliko mwili unavyoitengeneza, kwa sababu anapumua kama mtu anayekimbia na ilhali amesimama. Kabonidioksidi ikishuka, mishipa ya damu inayokwenda kichwani hubana kidogo, na ndiyo maana kichwa huwa chepesi na macho huona kama ukungu. Vidole na midomo huanza kuwasha na kufa ganzi. Kifua kinabana kwa sababu misuli ya mbavu imechoka. Kila dalili hapo ina maelezo yake, wala hakuna inayosema moyo unasimama.

Lakini Mwanaisha hajui hayo. Mwenye nyumba orofani anasikia kengele, anahisi moyo, ganzi na kizunguzungu, na anahukumu: "Nakufa." Kisha anapiga kelele dirishani: "Mwizi kweli yumo!" Soja akisikia sauti ya mwenye nyumba, anabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Adrenalini inaongezeka, pumzi inazidi, ganzi inazidi, na mwenye nyumba anapata ushahidi mwingine. Duara hili ndilo shambulio la hofu. Kilichokuwa kishindo cha paka kimegeuka kuwa nyumba nzima inapiga kelele kwa sababu nyumba inapiga kelele.

Feri ikafika Kisiwani, Mwanaisha akatoka mbio, akaketi kivulini, na baada ya muda akatulia. Naomba mshike jambo hili. Shambulio la hofu hupanda likafika kileleni ndani ya dakika chache, kwa kawaida hazizidi 10, kisha huteremka lenyewe, kwa sababu adrenalini haidumu. Kila baada ya dakika mbili au tatu hivi, nusu ya iliyomo kwenye damu huwa imeshasafishwa. Maana yake angetulia hata kama feri ingebaki katikati ya mkondo. Lakini soja hakujifunza hivyo. Yeye alichoona ni hiki: tulikuwa kwenye feri tukakaribia kufa, tukatoka, tukapona. Basi feri ndiyo mwizi.

Kesho yake kengele ililia akiwa bado yuko kwenye foleni. Keshokutwa ililia akiwa nyumbani anavaa viatu. Wiki ya tatu Mwanaisha ameacha feri kabisa. Anapanda gari, anazunguka Dongo Kundu mpaka Miritini, kisha anarudi kupitia Changamwe na foleni za Makupa, nauli na saa zinakwenda, ili tu asivuke maji ambayo kwa feri yanachukua dakika chache. Na kila siku anayozunguka akafika salama, soja anaandika kwenye daftari: "Nilisema mimi, tumeokoka kwa sababu hatukupanda." Kukwepa kunatuliza leo na kunailisha kengele ya kesho. Ningependa jamaa wa wagonjwa walielewe hili kuliko yote, kwa maana wao ndio hutoa ile nauli ya kuzunguka, kwa mapenzi kabisa.

Mtu ataniuliza, lakini feri si imewahi kuua? Imewahi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, na pwani hii nzima bado inakumbuka. Soja hujifunza hata kwa kusimuliwa, si lazima awe aliona. Hofu ya maji si upuuzi. Tofauti ni kwamba hofu ya kweli humfanya mtu aitazame feri: imejaa kupita kiasi? Watu wanasukumana kwenye mlango? Hofu ya kengele ya uongo humfanya mtu autazame moyo wake mwenyewe, na feri iliyo salama na isiyo salama kwake ni moja.

Sasa, kwa nini mwenye nyumba hamwamrishi soja azime? Mwanaisha ni mtu mwerevu, anajua wenziwe maelfu wanavuka kila siku. Sababu ni kwamba gamba la mbele hufanya kazi vizuri mtu akiwa ametulia kiasi. Kemikali za taharuki zikijaa ndani ya ubongo, hasa noradrenalini, gamba hilo hupungukiwa nguvu, na uongozi hushuka kwa sehemu za chini ambazo ni za haraka. Ndiyo maana kumwambia mtu aliye katikati ya shambulio "tulia, fikiria vizuri" ni sawa na kumpigia simu mwenye nyumba wakati king'ora kinalia dirishani pake. Hakusikii. Kumgombeza ni kubaya zaidi, kwani sasa ana vishindo viwili.

Kuna milango mitatu inayobaki wazi wakati huo. Wa kwanza ni pumzi, kwa kuwa ndiyo kazi pekee kati ya zile zilizovurugika ambayo twaweza kuishika kwa hiari. Ingiza hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, polepole, bila kujaza kifua mpaka juu. Itoe ukihesabu mpaka sita. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, hiyo ni pumzi moja kila sekunde 10, yaani sita kwa dakika. Fanya dakika tano. Kinachofanya kazi ni ile kutoa ndefu, maana moyo wenyewe hupunguza mwendo kila unapotoa hewa. Kosa la kawaida ni kuambiwa "vuta pumzi ndefu" ukavuta mapipa ya hewa. Hapo unazidi kuimwaga kabonidioksidi na ganzi inaongezeka. Ukiona kizunguzungu kimezidi baada ya kuanza, unavuta nyingi mno: punguza kiasi, usipunguze hesabu. Na ule mtindo wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi uacheni, kwa sababu aliye na pumu au ugonjwa wa moyo unaweza kumdhuru.

Mlango wa pili ni jina. Utafiti uliochapishwa 2007, wa Matthew Lieberman na wenzake, ulionyesha kuwa mtu akiweka hisia katika neno, amigdala hupungua kasi na sehemu ya gamba la mbele huamka. Si lazima liwe neno zuri. Mwanaisha alifundishwa aseme kwa sauti ya chini: "Hii ni kengele. Ni adrenalini. Vidole vinawasha kwa sababu ya pumzi." Angalieni kwamba hasemi "siogopi". Huo ni uongo na mwenye nyumba anaujua. Anasema kilichopo.

Wa tatu ni kubaki. Huu ndio mgumu, na ndio unaoponya.

Soja haelewi Kiswahili. Hata ukimsomea kitabu cha tiba, hajui. Anafundishika kwa njia moja: apige kengele, asubiri mwizi, mwizi asije, tena na tena, mahali palepale alipopaogopa. Kumbukumbu ya zamani haifutwi. Kinachotokea ni kwamba gamba la mbele linapata kumbukumbu mpya, "feri, kengele, na hakukuwa na kitu", na hiyo mpya ndiyo inayopewa nguvu ya kumzuia soja. Kwa hivyo lengo la zoezi si kuvuka bila hofu. Lengo ni kuvuka na hofu, ukaona ilivyoishia.

Mwanaisha alipanga hivi, pamoja na mshauri wake. Siku tatu za kwanza alikwenda kivukoni akasimama nje ya foleni dakika 30, akitazama feri zikija na kwenda. Kila mara aliandika mambo mawili kabla: naogopa nini hasa kitatokea, na hofu ni ngapi kati ya 10. Aliandika, "Nitazimia," na nambari 8. Baadaye aliandika kilichotokea: hakuzimia, na nambari ilipofika dakika ya 25 ilikuwa 4. (Kuzimia wakati wa shambulio la hofu ni nadra, maana presha hupanda, na kuzimia kunataka presha ishuke. Isipokuwa wale wanaoogopa damu na sindano, hao presha yao huweza kushuka kweli, na wana mazoezi yao tofauti.) Siku nne zilizofuata aliingia sehemu ya kungojea, akakaa mpaka feri mbili zimeondoka. Wiki ya pili akavuka saa nne asubuhi, watu wakiwa wachache, dada yake akiwa pembeni. Wiki ya tatu akavuka peke yake.

Na hapa iko siri ndogo ya Likoni. Kuvuka kunakwisha haraka kuliko kengele inavyokwisha, basi akivuka mara moja tu anateremka hofu ikiwa kileleni, na soja anaandika tena kwamba kuteremka ndiko kulikomwokoa. Kwa hivyo Mwanaisha alivuka, akashuka, akapanda tena kurudi, akavuka tena, mpaka nambari ikashuka angalau nusu au mpaka utabiri wake ukaonekana haukutimia. Wanaovuka kwa miguu hawalipi, hivyo zoezi halimgharimu senti.

Zoezi lilikwama wiki ya nne. Alikuwa anavuka kila siku, lakini hofu haishuki chini ya 6. Walipochunguza, wakakuta anasimama kila mara karibu na mlango wa kutokea, chupa ya maji mkononi, na simu imeshafunguliwa kwenye nambari ya mumewe. Soja alikuwa ameandika: "Tumepona kwa sababu ya chupa." Ikabidi chupa ibaki nyumbani, simu iingie mkobani, na yeye asimame katikati ya watu. Siku mbili hofu ilipanda mpaka 9. Siku ya tano ilikuwa 3. Kwa hivyo mtu akiwaambia "nimejaribu mazoezi hayakunisaidia", kabla ya kukata tamaa mwulizeni alikuwa ameshika nini.

Kuna kengele ambayo haianzi getini, inaanza orofani. Feri haipo, sauti haipo, mtu amelala kitandani saa nane usiku na mwenye nyumba anajisimulia: je, mtoto akishindwa mtihani, je, nikifukuzwa kazi. Soja hawezi kutofautisha sawasawa picha iliyochorwa na kitu chenyewe, basi anabonyeza. Wahenga wetu walilipokea neno wasiwasi kutoka Kiarabu, na asili yake ni kunong'ona. Hakuna maelezo bora. Kwa hili, pumzi husaidia kidogo tu. Kinachofaa ni kuutoa mnong'ono kichwani ukauweka kwenye karatasi, dakika 15 jioni kila siku, wakati maalumu, na kila "je" ukaiuliza: kuna la kufanya kesho? Likiwapo, liandike na saa yake. Lisipokuwapo, andika kwamba halipo. Mnong'ono ukija usiku, unaahirishwa mpaka jioni ya kesho. Anayepata faraja katika dua na dhikri aendelee, hakuna ugomvi hapo.

Rudini sasa kwenye asubuhi ile ya kwanza: saa tatu za usingizi, tumbo tupu, kahawa vikombe viwili. Hayo hayakuwa mapambo. Utafiti wa 2007 ulionyesha kuwa amigdala ya mtu aliyenyimwa usingizi wa usiku mzima iliitikia picha za kutisha kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko ya aliyelala, na uzi wake na gamba la mbele ukalegea. Kafeini nayo huongeza mapigo, na soja hajui kama mapigo hayo yametoka kwenye kikombe. Nawaambia vijana wetu wazi: miraa na muguka zina kathinoni, ambayo hutoa kemikali zilezile za taharuki. Mtu anatafuna mpaka alfajiri, hapati usingizi, kisha anashangaa moyo unamkimbia. Soja wake amekunywa petroli.

Lakini msiondoke hapa mkadhani kila kengele ni ya uongo. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi na kuacha ukipumzika, au yanayosambaa kwenye mkono au taya, hasa kwa aliyepita miaka 40, au mwenye kisukari au presha, hayo ni ya kwenda hospitali ya Makadara mara moja, si ya kuhesabu pumzi. Kuzimia kweli, homa, kukohoa damu, vivyo hivyo. Na shambulio la kwanza kabisa maishani, hata uwe na miaka 20, lipimwe: moyo, damu kama imepungua, tezi ya shingo, sukari. Vipimo vikirudi safi, viaminini, msirudie kila wiki, maana kupima kila wiki ni chupa nyingine ya maji.

Tena soja huyu si kengele pekee iliyoko. Yuko mwanamke Mmarekani anayejulikana kwa herufi S.M., ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibiwa na ugonjwa. Haogopi nyoka wala buibui. Watafiti walipomvutisha hewa yenye kabonidioksidi asilimia 35, akapata shambulio la hofu kamili, matokeo yakachapishwa 2013. Kwa hivyo mwili una kengele nyingine za ndani, hasa ya kukosa pumzi. Mfano wangu wa geti na orofa ni ramani ya mkono, si picha ya setilaiti.

Dawa zipo pia. Zile za kila siku huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha faida, na wengi huziacha wiki ya pili wakidhani hazifai. Zile za kutuliza papo hapo, jamii ya valiamu, zina mazoea mabaya, na ukizimeza kabla ya zoezi soja hajifunzi kitu, kwa kuwa umemlaza. Hofu ya kushikwa tena, au kukwepa, ikidumu mwezi mmoja au zaidi, muone daktari au mshauri wa afya ya akili, msingoje mwaka.

Mwanaisha alikaa miezi mitatu bila kengele. Kisha akaenda kwao Lamu wiki tatu, akarudi, na asubuhi ya kwanza, katikati ya mkondo, soja akabonyeza kama siku ile ya mwanzo. Ndivyo ilivyo, kumbukumbu ya kale haikufutwa, na mpya ilikuwa haijatumiwa wiki tatu. Alisimama palepale katikati ya watu, akataja jina la kitu chenyewe, akatoa pumzi kwa hesabu ya sita. Nambari 8. Mlango ukateremshwa, watu wakamiminika. Yeye akashuka nao, akageuka, akajiunga na foleni ya kurudi Likoni.